Mgeuze, Usimpindue

Watu wengi wakifiwa na mama wanabaki na vitenge vyake, picha ya ukutani na namba ya simu ambayo hawana moyo wa kuifuta. Mimi nilibaki na video fupi ya mama akitembea uani kwetu Ilongero. Kazi yangu ni kutengeneza wahusika wa michezo ya kompyuta, kuwawekea mifupa na kuwatembeza, kwa hiyo nilifanya kile ninachokijua. Nilimtembeza tena.

Sura sikuiweza. Kila nilipogusa pua alitoka mtu mwingine, na nilipogusa midomo alitoka shangazi, ambaye sikuwa na haja ya kumfufua maana yupo hai na anapiga simu kila Jumapili. Nikaachana na sura. Nikampa mhusika uso wa bibi yeyote wa kwetu, nikaweka nguvu zote kwenye mwendo. Mama alikuwa anachechemea. Siyo kuchechemea kwa kuhurumiwa, ni kule ambako mgeni angeona mama anatembea taratibu tu, lakini sisi watoto tulikuwa tunamjua kwa mbali kabla hata uso haujaonekana, kwa namna bega lilivyoshuka, likapanda, likashuka.

Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo. Mchezaji anatoka kijijini kwenda kutundika mizinga porini, upande wa Rungwa, na nyuma yake anafuata bibi mmoja anayemwambia mti upi unafaa na upi una siafu. Bibi huyo ndiye niliyepewa nimtengeneze. Aliyekuwa anaandika programu ni kijana wa Arusha ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana. Nilimfahamu kwa sauti, kwa haraka zake, na kwa jogoo mmoja mjinga aliyekuwa anawika nyuma yake saa sita mchana. Mwenye kazi alisema mchezo unafungwa Ijumaa. Ukishafungwa unapelekwa kwenye maonyesho ya wafugaji wa nyuki, na baada ya hapo hagusi mtu kitu.

Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja tu, na sikumwambia mtu: kwamba ikifika Ijumaa, mwendo wa mama uwe umeingia mle ndani kama ulivyokuwa.

Nilikuwa naishi chumba kimoja Singida mjini, siyo mbali na stendi. Nilihamia pale baada ya mazishi kwa sababu ya umeme na mtandao, ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba nyumba ya Ilongero ilikuwa imeanza kuongea. Bati likigonga kwa upepo nilikuwa naitika. Mjini upepo ni uleule, unapiga mlango mchana kutwa na kuleta vumbi mpaka ndani ya kibodi, lakini angalau hauniiti jina. Siku nyingine zilikuwa zinapita nimeongea na watu wawili, muuza maji na kijana wa Arusha, na muuza maji alikuwa hapendi maongezi.

Mdogo wangu wa kiume, ndugu yangu pekee, alikuwa Itigi akiuza asali. Hatukugombana. Watu wakisikia ndugu hawapigiani simu wanafikiri kuna shamba limegombaniwa. Hakuna. Mama alikuwa ndiye anayetuunganisha, anamwambia huyu habari za yule, na alipoondoka kila mmoja wetu akabaki na habari zake mwenyewe na hakujua amwanzie wapi mwenzake. Tuliishiwa maneno tu.

Jumatatu ile nilimtuma mama Arusha.

Baada ya muda kijana akanirushia video. "Dada, cheki bibi yako," akasema kwenye ujumbe wa sauti, na kicheko kilikuwa kimejaa mdomoni. Nikafungua. Kijiji chote kilikuwa kimefunikwa na kitu cha kijani chenye maua mekundu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kile ni kitenge. Mama alikuwa mkubwa kama milima, amelala chali juu ya nyumba na miti, miguu yake inakwenda hewani.

Kwenye kazi yetu kosa hili ni la kawaida kabisa, na wengine wanalikusanya kama utani. Mimi sikucheka. Nimemwona mama amelala chali mara moja, na siku hiyo inanitosha.

Nilijua kosa liko wapi, na lilinikasirisha kwa sababu ni la mwanafunzi. Mifupa ile sikuianza mwenyewe. Niliichukua kwenye faili la bure la mtandaoni, la aina ya FBX, na mafaili ya namna hiyo mengi yanahesabu kwa sentimita, na juu kwao ni mhimili wa Y. Blender, programu ninayotengenezea wahusika, inahesabu kwa mita, na juu ni Z. Unapoliingiza faili, Blender inakusaidia kimyakimya: inampa mhusika skeli ya sehemu moja ya mia ili asiwe jitu, na inamzungusha nyuzi tisini ili asimame. Kwenye kioo unaona mtu mzima wa kawaida amesimama. Ndani, yeye bado ni jitu lililolala, ila amevalishwa zile namba mbili juu. Programu ya kijana ilikuwa na tabia ya kumrudishia kila mhusika anayeingia skeli ya moja na mzunguko wa sifuri. Ilimvua mama zile namba, na mama akaonekana alivyokuwa ndani.

"Ni skeli na mzunguko," nikampigia nikamwambia. "Nitazimeza huku, nikutumie faili la glTF badala ya FBX. Hiyo haina ubishi, ni mita, na juu ni Y."

"Fresh dada. Ila umwambie bibi aamke."

Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo mama angenisema kwalo.

Kuzimeza namba ni amri moja tu kwenye Blender. Unachagua mifupa pamoja na ngozi iliyovishwa juu yake, siyo kimoja, unatoa amri, na skeli inarudi moja, mzunguko unarudi sifuri, na umbo lenyewe linabadilika kuwa la ukubwa na msimamo uliokuwa unauona. Nikafanya. Nikaweka pembeni yake mchemraba wa mita moja, akaufunika kwa kimo kama anavyopaswa. Nikamtazama akiwa amesimama tuli, nikaridhika, nikatuma. Ningemruhusu apige hatua moja tu ningeliona kosa la pili. Lakini nilikuwa nimechoka kumwona akitembea, kama mtu anavyochoka kutazama picha moja, na nilikuwa na njaa.

Kesho yake nikapokea video nyingine. Mama alikuwa na kimo sahihi, amesimama, uso mzuri. Halafu akaanza kutembea. Kila alipokanyaga mguu mbaya alizama ardhini mzima mzima mpaka kilemba kikapotea, kisha akachomoka na kupaa juu ya mapaa ya nyumba, akazama tena. Safari hii kijana alituma kicheko tu, kirefu, na jogoo nyuma.

Hapo nililia. Nasema ukweli. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha plastiki mchana kweupe nikalia kwa sababu ya namba. Ule mshuko wa nyonga, ambao nilikaa nao wiki nyingi nikiupima kwenye video, ulikuwa wa sentimita chache. Amri ya kumeza inabadilisha mifupa na ngozi, lakini haigusi alama za mwendo zinazosema mfupa usogee kiasi gani. Alama zilizosema shuka tatu zilikuwa zinamaanisha sentimita tatu, na sasa zilikuwa zinamaanisha mita tatu. Alama za mizunguko ya magoti na mabega zilibaki salama, maana nyuzi ni nyuzi kwa mtu mdogo na kwa jitu. Ni nyonga tu iliyochanganyikiwa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa inasogea toka mahali pake.

Nikafungua mistari ya mwendo wa nyonga, nikaweka kitovu cha kupimia kwenye sifuri, nikaipunguza yote kuwa sehemu moja ya mia. Safari hii nilimtembeza mwanzo mpaka mwisho. Nikalitoa faili, kisha nikaliingiza tena kwenye ukurasa mtupu ili nione kile atakachokiona mwenzangu na siyo kile ninachokiona mimi. Bega likashuka, likapanda, likashuka. Nikatuma.

Kijana akapiga simu mwenyewe.

"Dada, sasa amekaa. Kuna kitu kimoja, anatembea kinyumenyume."

"Kinyumenyume?"

"Anakwenda mbele ila ametazama nyuma. Usijali, nitamaliza huku. Na mkono wake mmoja, ule umekaa hivi hewani, haushuki. Ni mifupa imekosewa au?"

"Uache. Ndivyo ulivyo kwenye video."

Ulikuwa hivyo kweli. Upande ule wa mguu mbaya, mkono wa mama haukuning'inia kama mwingine. Ulikaa umeinuliwa kidogo, mbali na mwili, kiganja kimetazama chini. Sikuwa najua ni wa nini. Niliona tu kwamba upo, nikauweka.

Alhamisi asubuhi akanitumia video akasema tayari. Nikaiangalia nikinywa chai. Mama alikuwa anatembea kati ya miti, ametazama anakokwenda, kimo chake, miguu juu ya ardhi. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikaweka kikombe chini. Mara ya pili kitu kikanikera na sikujua ni nini. Mara ya tatu nikaona fundo la kitenge. Nilikuwa nimelifunga nyonga ya kulia, na sasa lilikuwa kushoto. Nikashusha macho miguuni. Alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Mimi nilimtengeneza akichechemea wa kushoto.

Nikapiga simu.

"Umemgeuzaje?"

"Nimempa skeli ya hasi moja kwenye Z. Akatazama mbele. Kwani vipi?"

Injini yake, yaani programu inayoendesha mchezo, inahesabu mbele kuwa upande hasi wa Z, na mhusika wa glTF anatazama upande chanya. Ndiyo maana alikuwa anarudi kinyumenyume. Lakini hasi moja haimgeuzi mtu. Inampindua kama kioo kinavyofanya, uso unakwenda nyuma, na kushoto kunakuwa kulia.

"Hujamgeuza, umempindua," nikasema. "Mguu umehama."

"Mguu?"

"Anachechemea mguu wa kushoto. Wewe umempeleka kulia."

Nilisikia anabonyeza vitu. "Dada angu, kweli. Lakini nani atajua? Ni bibi wa kwenye gemu. Anachechemea, basi. Kesho tunafunga."

"Nitajua mimi."

"Sawa, utajua wewe," akasema, siyo kwa ubaya, "ila mimi nina mizinga haijaanza kutoa nyuki."

Nikamwambia anipe muda mpaka jioni. Sikumwambia ni mama yangu. Ukishamwambia mtu neno hilo anabadilisha sauti, na mimi sauti yake ile ya haraka ndiyo pekee niliyokuwa nayo kwa siku nzima. Sikutaka aipunguze.

Nikafungua video ya mama ili nimkatie kipande cha kumwonyesha. Kwa wiki nyingi nilikuwa naangalia katikati tu, pale anapotembea, mwanzo na mwisho nilishavikata. Safari hii nikafungua faili lenyewe. Linaanza na uso wa mama umejaa kioo kizima, karibu mno, macho yanatazama chini kidogo, anatabasamu na kusema kwa Kinyaturu kwamba amezeeka. Halafu anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka anaonekana mzima, ndipo anaanza kutembea huku na huku.

Alikuwa amejiweka kwenye kamera ya mbele. Alitaka kujiona anavyotembea. Akaiegemeza simu kwenye kigoda, akajitazama.

Zipo simu zinazohifadhi video ya kamera ya mbele kama unavyojiona kwenye kioo, na zipo zinazoirudisha sawa. Simu ile ilikufa kabla ya mwenyewe, ikabaki video tu. Hakuna wa kumwuliza ilikuwa ya aina gani. Kama ilikuwa ya kioo, basi mama wa kwenye video amepinduliwa, na mimi nilimpindua kwa wiki zote zile kwa uangalifu mkubwa, na mguu ambao nimeupigania asubuhi nzima siyo mguu wake.

Nikajaribu kukumbuka kwa kichwa changu. Mtu mzima, mtoto wake wa kwanza, nimeishi naye miaka yote ile. Nilifumba macho nikamwona anakuja, bega linashuka. Upande gani? Nilimwona anakuja kunielekea, na mtu anayekuelekea mkono wake wa kushoto uko kulia kwako, nikachanganyikiwa. Nikasimama katikati ya chumba nikachechemea mwenyewe, kwanza kushoto, halafu kulia, nione mwili wangu utakataa upi. Haukukataa hata mmoja. Muuza maji alikuwa mlangoni na ndoo zake, ananitazama.

"Umeumia?" akaniuliza. Ni neno refu kuliko yote aliyowahi kuniambia.

"Hapana," nikasema. "Weka hapo."

Alipoondoka nikajua kwamba duniani amebaki mtu mmoja tu wa kumwuliza. Shangazi angeniambia mguu wowote ili simu isikatike. Nikashika simu nikaitafuta namba ya mdogo wangu, na ilikuwa chini sana kwenye orodha, chini ya mafundi na wauza vocha.

Alipokea upesi kuliko nilivyojiandaa.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hujambo mdogo wangu?"

"Sijambo. Kuna nini?"

Tulipofikia ni hapo. Nikipiga, kuna nini. "Hakuna kitu," nikasema. "Nataka kukuuliza jambo, usinicheke. Mama alikuwa anachechemea mguu gani?"

Hakucheka. Hakuuliza kwa nini. "Wa kulia," akasema hapohapo.

"Una uhakika?"

"Dada, siku za mnada nilikuwa natembea na nani? Mimi nilikuwa kulia kwake. Bega langu hili la kushoto ndilo alilokuwa anashika, kutoka nyumbani mpaka mnadani. Siku za jua kali alikuwa anabonyeza mpaka naumia, nanyamaza tu."

"Mimi sikumbuki."

"Utakumbukaje? Wewe ulikuwa mbele na matenga ya kuku, unawahi nafasi. Mama alikuwa anakwambia tangulia, nakuja. Ukifika unageuka unatuona tunakuja kwa mbali."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu nyumbani alikuwa na kazi yake siku ya mnada. Mkubwa anatangulia na mzigo kushika sehemu nzuri, maana ukichelewa unawekwa kule kwenye vumbi la ng'ombe. Mdogo anatembea na mama. Hakuna aliyekuwa na kosa. Lakini nilikaa na simu sikioni nikaona kwamba mwendo huu, ambao nilidhani naujua kuliko mtu yeyote, nimeuona kwa mbali tu, na kwa mbele, na kwenye video ambayo mwenyewe alijirekodi akiwa peke yake. Roho iliniuma sana. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa bega lake.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Nitakutumia kitu baadaye."

"Sawa dada." Akasita. "Na mimi huwa nataka kupiga. Naona utasema kuna nini."

Niliporudi kwenye kompyuta nilikuwa na jambo la kuchekesha la kukabiliana nalo: kosa la kijana lilikuwa limempa mama mguu wake sahihi. Ningeweza kunyamaza. Faili lingeingia vile lilivyo na hakuna ambaye angejua, hata mimi nisingekuwa na la kulalamikia. Lakini mtu mwenye skeli ya hasi ni mtu aliyegeuzwa ndani nje kama nguo. Injini inajitahidi kumficha, halafu siku ukimshikisha kitu mkononi, hata debe la asali lenye maandishi, nalo linapinduka naye. Sikutaka mama asimame kwa bahati. Nilitaka asimame kwa miguu yake.

Nikazichukua pozi za mwendo wake moja baada ya nyingine, nikazinakili na kuzibandika kwa upande wa pili, mifupa ya kushoto ikapokea kazi ya mifupa ya kulia, na ya kulia ikapokea ya kushoto. Mguu ukahama. Ule mkono ulioinuliwa ukahama nao. Fundo la kitenge nikalihamisha kwa mkono. Nikakagua skeli, moja. Mzunguko, sifuri. Nikamweka tena kando ya mchemraba wake, nikamtembeza mwendo wote, nikamtoa, nikamwingiza kwenye ukurasa mtupu, nikamtazama tena. Ndipo nikampigia kijana.

"Faili jipya hilo. Ondoa ile hasi, irudishe moja. Halafu mweke ndani ya kishikizo kitupu, kisicho na umbo, cha kumbeba tu, umzungushe nusu duara kwenye Y, programu yako isogeze kishikizo, yeye isimguse. Mgeuze, usimpindue."

"Sawa dada." Nikasikia anabonyeza. "Ngoja. Sasa hapa anachechemea kulia."

"Ndiyo."

"Asubuhi umenigombeza kwamba ni kushoto."

"Nilikosea. Ni kulia."

"Dada," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka, "huyu bibi ni nani?"

Nikaangalia dirisha. Upepo ulikuwa unasukuma mfuko wa plastiki juu ya paa la jirani. "Ni mama yangu," nikasema. "Tulimzika mwaka jana."

Kijana akasema, "Pole sana dada. Na mimi nilivyocheka," akaishia hapo. Baada ya muda akaongeza, "Ngoja nimgeuze vizuri." Sauti ilibadilika kama nilivyojua itabadilika, lakini sikujuta.

Ijumaa mchana alinitumia mchezo mzima kabla ya kuufunga. Niliufungua peke yangu chumbani. Mchezaji wangu akatoka kijijini na mzinga mgongoni, na nyuma yake mama akafuata. Nikaizungusha kamera nimtazame. Alikuwa anakuja kati ya miti, juu ya ardhi, kimo chake, amenitazama, na bega linashuka upande ambao mdogo wangu aliusema. Nikarekodi kipande kwa simu nikakituma Itigi. Kwa kamera ya nyuma.

Jibu lilichelewa. Niliendelea kumtembeza mchezaji bila kujua naelekea wapi, na mizinga sikuitundika. Kisha simu ikalia.

Mdogo wangu alikuwa ameandika: "Ndiye kabisa. Mkono bado unatafuta bega."

Nilisoma, nikainua macho. Ule mkono wa kulia ulikuwa palepale, umeinuka kidogo, mbali na mwili, kiganja kimetazama chini. Siku ile uani mdogo wangu alishahamia Itigi, na mimi sikuwepo. Alikuwa anajitazama kwenye simu, akatembea kama alivyozoea kutembea, na mkono ukaenda kwenye kimo cha mtoto ambaye alishakua akaondoka. Nami niliuona, nikaupima, nikauweka sawasawa kabisa, bila kujua ni wa nini.

Niliacha vitufe. Mchezaji akasimama. Mama naye akasimama hatua chache nyuma, maana ndivyo kijana alivyomwandikia, mchezaji akisimama na bibi anasimama. Nikangoja nione kama atakuja. Hakuja. Basi nikamgeuza mchezaji, nikamrudisha nyuma mpaka alipo mama, nikampeleka upande wa kulia wa mama nikamsimamisha pale. Mchezaji alikuwa mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Mkono wa mama ulifika karibu na bega lake, haukuligusa.

Nikaitafuta namba ya Itigi, na safari hii ilikuwa juu kabisa. Alipopokea sikungoja aulize.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Nimepiga tu."